Mrasimu wa benki na mfilisi wa mahakama: nani anauza nini

*Swali: Kampuni tuliyoiuzia vifungashio kwa mkopo imeanguka. Benki iliweka meneja mrasimu kiwandani, na baadaye mahakama ikamteua mfilisi. Mrasimu bado anauza mali, mfilisi naye anatuandikia barua. Nani kati yao ana mamlaka, na sisi tunaodai bila dhamana tumfuate nani?*

Wote wawili wana mamlaka ya kuuza, ila kila mmoja ana mali yake. Mrasimu anauza kile ambacho kampuni iliiwekea benki dhamana. Mfilisi anauza kinachobaki. Amri ya kuifunga kampuni haimwondoi mrasimu kiwandani, kwa hiyo kuwakuta wote wawili kazini si jambo la ajabu. Dai lenu lipelekeni kwa mfilisi, lakini msiache kumtupia jicho mrasimu, maana kiasi mtakachopata kinategemea sana hesabu zake.

Nitaeleza kwa kufuata sheria ya makampuni ya asili ya Kiingereza, ambayo ndiyo iliyozaa utaratibu huu wa watu wawili juu ya kampuni moja. Siku na viwango hutofautiana nchi kwa nchi. Tena baadhi ya nchi zimembana mrasimu: Uingereza, kwa dhamana nyingi zilizotolewa tangu 15 Septemba 2003, mwenye dhamana juu ya mali yote ya kampuni hawezi tena kuweka mrasimu wa aina hii, na huteua msimamizi mwenye wajibu kwa wadai wote. Kwenu mrasimu ameshawekwa, basi tuanze naye.

Mamlaka yake yanatoka kwenye karatasi. Kampuni ilipokopa ilitia saini hati ya dhamana, na ndani yake mna kifungu kinachosema kwamba mkopo usipolipwa, benki inaweza kuteua mtu wa kukamata mali zilizotajwa, kuendesha biashara na kuuza. Kwa kawaida hahitaji kwenda mahakamani kuomba ruhusa. Ana uwezo ule ambao hati imempa, pamoja na ule ambao sheria inaongeza, basi. Mali ambayo hati haikuigusa si yake kuiuza, hata kama imo ndani ya uzio uleule anaoulinda.

Hati hizo karibu zote zina kifungu kingine kinachowashangaza wengi: mrasimu ni wakala wa kampuni. Benki ndiyo inayomchagua, lakini anapouza au kuagiza anahesabika anatenda kwa niaba ya kampuni. Mpango huo uliwekwa makusudi, ili makosa yake yasiiangukie benki. Hata hivyo uaminifu wake wa kwanza uko kwa aliyemteua. Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ililisema hilo waziwazi mwaka 1955 katika shauri la Re B Johnson & Co (Builders) Ltd: kazi ya mrasimu ni kumlipa mwenye dhamana, na kuendesha biashara ni njia tu ya kufika huko.

Maana yake kwenu ni hii. Mrasimu anaruhusiwa kuchagua wakati wa kuuza unaoifaa benki, hata kama kusubiri miezi sita kungeleta bei nzuri zaidi na masalio kwa wadai wengine. Asichoruhusiwa ni kuuza ovyo. Lazima awe mwaminifu na achukue tahadhari ya kutosha ili siku anayouza apate bei inayostahili siku hiyo. Wajibu huo anaudaiwa na kampuni, na wadhamini walioweka saini zao, na wenye dhamana zinazofuata nyuma ya ile ya benki. Ninyi hamumo kwenye orodha hiyo. Mkiona mashine imekwenda kwa bei ya kutupa, mwenye haki ya kumshtaki kwa jina la kampuni ni mfilisi, kwa hiyo malalamiko yenu yapitie kwake yakiwa na ushahidi: tangazo la mnada lililotoka siku mbili kabla, mthamini ambaye hakuitwa, mnunuzi aliye na undugu na mkurugenzi.

Mfilisi ni mtu wa namna nyingine kabisa. Anatokana na sheria na amri ya mahakama, na anawatumikia wadai wote kwa pamoja. Anachukua mali yote ya kampuni isiyo na mwenyewe mwingine, anaigeuza fedha, na anagawa kwa mpangilio wa sheria. Kuendesha biashara anaruhusiwa kwa kiasi kidogo tu, pale inaposaidia kuifunga kampuni kwa faida, mathalani kumalizia kazi iliyo nusu ili iuzike. Kwa mambo kadhaa makubwa, kama kufungua kesi au kuafikiana na mdaiwa, sheria nyingi zinamtaka kwanza apate kibali cha mahakama au cha kamati ya wadai. Kwa wepesi wa kuuza, basi, mrasimu anamshinda.

Lakini mfilisi ana nguvu moja ambayo mrasimu hana hata chembe: anaweza kurudi nyuma. Anaweza kutengua malipo yaliyofanywa kumpendelea mdai mmoja kampuni ilipokuwa tayari haiwezi kulipa madeni. Anaweza kudai mali iliyotolewa kwa bei ya mchezo. Anaweza kuomba wakurugenzi wahojiwe chini ya kiapo, na kuwabana walipe wenyewe ikiwa waliendelea kukopa wakijua hakuna njia ya kunusurika. Anaweza pia kukana mkataba unaoila kampuni, kama pango la ghala tupu. Mrasimu anauza alichokikuta, na mfilisi anauza alichokikuta pamoja na kile kilichotoroshwa, iwapo atakipata.

Sasa mfilisi amefika na mrasimu yumo ndani. Kinachobadilika ni nini? Kwanza, uwakala unakoma. Jambo hili lilikwisha kuamuliwa na Baraza la Mabwana, lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, mwaka 1897 katika Gosling v Gaskell: kampuni ikishawekwa chini ya ufilisi, mrasimu hawezi tena kuitwishia madeni mapya. Pili, uwezo wake wa kukamata na kuuza mali iliyowekwa dhamana haukomi, kwa sababu mali hiyo ilikwisha kufungwa kwa benki kabla ya amri. Shauri la Sowman v David Samuel Trust la mwaka 1978 lilithibitisha kwamba anaweza kuendelea kuuza, hata kutumia jina la kampuni kukamilisha mauzo ya ardhi. Mfilisi hawezi kumpokonya funguo za jengo lililo chini ya dhamana halali.

Hapa kuna jambo la vitendo kwenu. Kama mrasimu anawaagiza vifungashio vipya ili amalizie bidhaa zilizomo, swali la kumuuliza ni moja: nani analipa? Sheria nyingi zinamfanya awajibike yeye binafsi kwa mikataba anayoifunga, naye ana haki ya kujirudishia kutoka kwenye mali anayoishika. Angalieni kama agizo lake lina kifungu kinachofuta uwajibikaji huo. Mara nyingi kimo, kwa maandishi madogo chini ya karatasi. Kikiwemo, uzeni kwa fedha taslimu au msiuze. Deni hilo jipya lisichanganywe na la zamani kwenye ankara moja, maana la zamani linakwenda kwa mfilisi na jipya linakwenda kwa mrasimu.

Mfilisi makini akishateuliwa, karatasi ya kwanza anayoitafuta ni hati ya dhamana ya benki, na ya pili ni ushahidi kwamba ilisajiliwa kwa msajili wa makampuni ndani ya muda. Uingereza ni siku 21 tangu dhamana ilipowekwa, na nchi nyingine zina muda wao. Dhamana inayopaswa kusajiliwa ikakosa kusajiliwa haifai kitu mbele ya mfilisi: deni linabaki, ulinzi unapotea, na benki inashuka kwenye foleni pamoja nanyi. Anaangalia pia kama dhamana inayoelea, yaani ile isiyoshika kitu kimoja mahususi bali mali inayoingia na kutoka kama malighafi na bidhaa, iliwekwa kampuni ikiwa tayari imeelemewa na mkopo wa zamani usio na dhamana. Sheria ya Uingereza inatazama nyuma miezi 12 kwa mdai wa kawaida na miaka 2 kwa mtu aliye karibu na kampuni. Dhamana ya namna hiyo hubaki na nguvu kwa fedha mpya iliyotolewa tu.

Tuchukue mfano niliotunga, kwa mamilioni ya fedha yoyote mnayotumia. Kampuni inadaiwa na benki milioni 200, na wauzaji bidhaa wasio na dhamana wanadai milioni 150. Hati ya benki inashika ardhi na jengo kwa dhamana maalumu, yaani ile inayoshika kitu mahususi, na inashika bidhaa ghalani pamoja na madeni ya wateja kwa dhamana inayoelea. Mashine mbili zilinunuliwa baadaye kwa mkopo wa nyongeza. Benki iliziandikia dhamana ya peke yake, ila karani akasahau kuisajili. Na wiki 5 kabla ya ombi la kufilisi, mkurugenzi alimlipa ndugu yake deni la zamani la milioni 25, huku wengine wote wakiambiwa wasubiri.

Mrasimu anauza ardhi na jengo kwa milioni 120. Gharama ni 10, na 110 zinakwenda benki moja kwa moja. Bidhaa na madeni ya wateja vinaleta 70, gharama zinakula 10, zinabaki 60. Hizi 60 hawezi kuikabidhi benki zote. Fedha iliyotokana na dhamana inayoelea lazima kwanza iwalipe wadai wenye kipaumbele, hasa wafanyakazi kwa sehemu ya mishahara yao na, katika nchi nyingi, kodi fulani. Tuseme ni milioni 20. Mrasimu akiruka hatua hiyo analipa mwenyewe. Benki inapata 40. Jumla imepata 150, na 50 hazijalipwa.

Mfilisi sasa anadai mashine mbili, kwa kuwa dhamana ya benki juu ya mashine hizo haikusajiliwa. Anaziuza kwa milioni 30. Anamwandikia yule ndugu, anamfungulia kesi, na milioni 25 zinarudi. Fedha ya namna hii, inayorejeshwa kwa sababu ya upendeleo, haiingii mikononi mwa mwenye dhamana. Ni ya wadai wa kawaida, na msingi huo umekuwepo tangu shauri la Re Yagerphone la mwaka 1935. Mfilisi ana 55, gharama zake ni 15, zinabaki 40 za kugawa. Tukiliacha kando deni la yule ndugu kwa wepesi wa hesabu, wanaogawana ni ninyi wauzaji wenye 150 na benki yenye pengo la 50, jumla 200. Kila mmoja anapata asilimia 20. Aliyekuwa anadai milioni 5 anaondoka na milioni 1.

Karani yule angesajili ile dhamana kwa wakati, mashine zingeuzwa na mrasimu na 30 zingekwenda benki. Pengo la benki lingebaki 20. Mfilisi angekuwa na 25 tu za yule ndugu, akitoa gharama 15 zinabaki 10, za kugawanywa kwa madeni ya 170. Mdai wa milioni 5 angepata chini kidogo ya laki 3. Tarehe moja kwenye daftari la msajili imeongeza mgao zaidi ya mara tatu. Ndiyo maana nasema someni daftari hilo wenyewe, kwa kawaida liko wazi kwa umma, na mkiona pengo mwandikieni mfilisi bila kungoja mkutano.

Kuna mahali pengine ambapo fedha huhama kimyakimya, na hapo mtu wa nje mara nyingi haangalii kabisa. Ni pale mrasimu anapouza biashara nzima kwa bei moja. Tuseme badala ya kuuza kipande kipande amepata mnunuzi wa ardhi, jengo, bidhaa na madeni ya wateja kwa milioni 190. Mkataba lazima ugawe bei hiyo: kiasi gani ni cha ardhi na jengo, kiasi gani ni cha bidhaa na madeni. Kwa mnunuzi mgawanyo huo huenda usimguse sana zaidi ya kodi. Kwa benki una maana kubwa, kwa sababu kila shilingi inayoandikwa kwenye ardhi haipiti kwa wafanyakazi kwanza. Mrasimu akiandika 180 kwa ardhi na jengo na 10 kwa vingine, wakati mthamini alisema ardhi na jengo ni 120, wenye kipaumbele wamefyekwa. Wasipolipwa na mrasimu watakuja kwa mfilisi na kusimama mbele yenu kwenye foleni, na hapo mfukoni mwenu ndimo zinamotoka. Mfilisi hulipima hili kwa kuweka ripoti ya mthamini kando ya mkataba wa mauzo. Hufanya vivyo hivyo kwa gharama, maana mlinzi, bima na wakili vinaweza kubebeshwa bidhaa peke yake wakati vililinda kiwanda chote.

Madeni ya wateja nayo ni uwanja wa vita wa kudumu. Benki hupenda kuandika kwenye hati kwamba yameshikwa kwa dhamana maalumu, ili fedha yake isipite kwa wenye kipaumbele. Mwaka 2005, katika Re Spectrum Plus, Baraza hilo la Mabwana liliamua kwamba jina lililoandikwa haliamui. Kama kampuni ilikuwa inakusanya fedha za wateja, inaziweka kwenye akaunti ya kawaida na kuzitumia itakavyo, dhamana hiyo inaelea. Mfilisi anayejua kazi yake ataomba taarifa za benki za mwaka wa mwisho aone kama akaunti hiyo ilikuwa imefungwa au wazi. Kwa maoni yangu hiki ndicho kipengele kinachostahili swali lenu la kwanza kwa mfilisi, kwa kuwa jibu lake linapatikana kwenye karatasi ndani ya siku mbili tatu na halihitaji kesi ndefu.

Kwa upande wenu, jazeni fomu ya kuthibitisha deni na kuipeleka kwa mfilisi, pamoja na ankara na hati za kupokelea mzigo zilizotiwa saini. Halafu rudini kwenye masharti yenu ya mauzo. Kama yana kifungu kwamba vifungashio vinabaki mali yenu hadi vilipwe, na bado vimo ghalani havijatumika, si mali ya kampuni, na mrasimu hana cha kuuza hapo. Hili ni la kumwambia mrasimu, kwa maandishi, leo, kwa kuwa yeye ndiye aliyeshika funguo. Nendeni na namba za shehena, kwani kinachowaangusha wauzaji wengi ni kushindwa kuonyesha kwamba boksi lile pale ndilo la ankara ile isiyolipwa. Akishaviuza kwa mnunuzi asiyejua lolote, mtabaki kumfukuzia mrasimu fedha.

Muulizeni mfilisi pia kuhusu malipo ya mrasimu. Mrasimu hujilipa kutoka kwenye mauzo kabla benki haijaona kitu, na benki isiyo na pengo haina haraka ya kumbana. Sheria nyingi zinampa mfilisi haki ya kuiomba mahakama ipange malipo hayo, na hata kuamuru ziada irudishwe. Kama benki italipwa yote, kila kinachopunguzwa kwenye ada kinashuka kwa mwenye dhamana anayefuata au, asipokuwepo, kwa mfilisi. Mrasimu akimaliza anapaswa kutoa hesabu ya mapato na matumizi, kukabidhi masalio na kuachia vitabu vya kampuni.

Tatizo ambalo nadhani mtakutana nalo mapema ni kwamba mfilisi hana hela. Mrasimu amekaa juu ya mali yote nzuri, na mwenzake ana haki za kushtaki bila nauli ya kwenda mahakamani. Wadai wanaweza kuchanga ili afungue kesi kama ile ya ndugu wa mkurugenzi, lakini msichange kwa ahadi ya mdomo. Andikishianeni kwanza, na muombe mahakama ikubali kwamba waliobeba hatari ya gharama warudishiwe mchango wao, na ikiwezekana wapate fungu kubwa zaidi, kabla ya kilichopatikana kugawanywa kwa wote. Sheria kadhaa zinaruhusu hilo. Benki yenye pengo la milioni 50 itakuwa mmoja wa watakaogawana fedha hiyo, kwa hiyo siku ya mkutano iulizeni mbele ya wote kama nayo inachanga.